Risiti ya ushuru hailijui gari lako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Dada, gari limeshatoka bandarini, ushuru nimelipa wote, risiti ninayo mkononi. Ofisi ya usajili wamenirudisha, wanasema gari hili halionekani kulipiwa. Hao si wanataka kitu kidogo?"

Nikamwambia apige picha karatasi zake zote anitumie, na aongeze picha ya namba ya chasisi iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Hiyo ya mwisho aliiona usumbufu, maana namba si imeandikwa kwenye makaratasi? Nikamsisitiza. Picha zilipokuja sikuhitaji hata miwani. Kwenye chuma namba inaishia 458, na cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani nacho kinasema 458. Hati ya shehena inasema 485. Tamko la forodha, yaani fomu ambayo wakala huijaza kulieleza gari kwa forodha, linasema 485. Kwa hiyo kodi imelipwa kweli, ila imelipiwa namba isiyo ya gari lake, na lake bado linadaiwa.

Hakuna aliyetaka kitu kidogo. Kompyuta ya usajili ilitafuta 458 kwenye kumbukumbu za forodha, ikakosa, basi.

Nataka nieleze jambo hili taratibu, kwa sababu naona wengi mnashika risiti kama ndiyo gari. Kwa kawaida risiti ya ushuru haina namba ya chasisi. Ina jina la mlipaji, namba ya utambulisho wake wa kodi, kiasi, tarehe, na namba ya tamko au namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotokana na tamko hilo. Gari linatajwa ndani ya tamko. Risiti inalijua tamko, na tamko ndilo linaloijua chasisi. Ofisa wa usajili anatembea njia hiyo kwa kurudi nyuma: anaanza na chasisi, anatafuta tamko lenye chasisi hiyo, anaangalia kama tamko limelipiwa na kama forodha wametoa hati ya kuruhusu mzigo. Pakikatika mahali pamoja tu, risiti yako ni ya kweli na haikusaidii.

Mimi hili nililijua kabla gari langu la kwanza halijafika, na sioni aibu kusema kwamba najivunia. Nilimwambia wakala wangu wa forodha kwamba sitatoa fedha mpaka nione rasimu ya tamko kwa macho yangu. Alicheka. Akaniuliza mume wangu yuko wapi, aongee naye. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyeniunganisha na wakala huyo, akanipigia simu jioni kunisema kwamba namdhalilisha rafiki yake. Sikujibu, ila pia sikulegeza. Rasimu ilipokuja, sehemu ya chasisi walikuwa wameandika namba ya injini. Nilimrudishia nikiwa nimeizungushia wino mwekundu. Rafiki wa shemeji hakucheka tena, ingawa kuomba radhi hakuomba mpaka leo. Na shemeji naye bado ananiita "ofisa" kila tukikutana kwenye shughuli za kifamilia, kwa sauti ile ambayo wenye mashemeji mnaijua.

Turudi kwa msomaji wetu. Kosa lake halikuanza kwa wakala, na hapa ndipo penye elimu. Gari linapopakiwa, kampuni ya meli huandika hati ya shehena kutokana na maelezo ya msafirishaji kule lilikotoka. Mtu alibonyeza 85 badala ya 58. Orodha ya mizigo ya meli, ambayo forodha hupelekewa kabla meli haijafika, ikabeba kosa lilelile. Wakala alipojaza tamko alikuwa na njia mbili. Akiandika namba sahihi, tamko linapingana na orodha ya meli na mfumo unaweza kulikwamisha. Akiandika namba yenye kosa, vyote vinalingana, malipo yanapita, gari linatoka, na yeye analipwa ujira wake. Tatizo linaibuka ofisi ya usajili, wakati yeye yuko kwenye mzigo wa mtu mwingine. Sisemi mawakala wote hufanya hivyo kwa makusudi. Nasema njia rahisi kwake ndiyo ghali kwako.

Mahali pa kulizuia kosa hili ni kwenye rasimu ya hati ya shehena. Msafirishaji huwa na rasimu hiyo kabla hati haijatolewa rasmi, na ukimwomba akutumie uithibitishe, kusahihisha ni kubadilisha herufi tu. Meli ikishaondoka, kampuni ya meli italazimika kurekebisha orodha yake ya mizigo, kwa barua na kwa ada. Tamko likishawasilishwa, unaongeza ombi la kurekebisha tamko. Gari likishatoka bandarini, forodha watataka pia kuliona gari lenyewe kabla ya kugusa kumbukumbu zao, na wana haki, kwa sababu hadithi ya "namba ilikosewa" ndiyo hiyohiyo wanayoitumia wanaotaka kulipia gari dogo na kusajili kubwa.

Namna ya kukagua haichoshi. Soma namba kutoka kwenye chuma, usiisome kutoka karatasi moja kwenda nyingine, maana karatasi hurithiana makosa. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na chasisi fupi, yenye msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu, na mara nyingi imegongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na sehemu ya abiria. Magari ya masoko mengine mengi yana namba ya herufi na tarakimu 17. Kwa hizi za 17 kuna zawadi: herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona O ndani ya namba ya chasisi ya aina hii kwenye tamko, usibishane na mtu, ni kosa, mara nyingi panatakiwa sifuri. Kwa nyingine angalia B na 8, S na 5, na tarakimu mbili za mwisho zilizopishana kama za msomaji wetu. Isome kwa sauti, mtu mwingine akifuatilia kwenye tamko. Jicho peke yake huona linachotarajia.

Ukiwa hapohapo kwenye tamko, tazama ujazo wa injini. Mfumo wa namba za bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani unaweka magari ya abiria chini ya 8703, na ya petroli yanagawanywa kwa ujazo: 8703.22 ni zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 1,500, na 8703.23 ni zaidi ya 1,500 hadi 3,000. Gari la msomaji wetu lina 1,496. Wakala akikadiria "elfu moja mia tano na kidogo", gari linahamia kundi la pili, na pale ambapo viwango vinafuata ujazo, unalipa zaidi. Isitoshe, ujazo ulio kwenye tamko ndio utakaoandikwa kwenye kadi ya gari.

Sasa karatasi za malipo, ambako ndiko watu wanakolizwa. Kuna makadirio ya kodi, yaani karatasi inayosema unadaiwa kiasi gani. Hiyo si risiti, hata kama ina muhuri na nembo. Kuna risiti ya wakala, inayosema umempa yeye fedha. Hiyo nayo si risiti ya ushuru, na ofisi ya usajili haina shida nayo. Halafu kuna uthibitisho kwamba fedha zimeingia serikalini dhidi ya namba ya tamko lako. Hii ya tatu ndiyo unayoihitaji, pamoja na tamko lenyewe na hati ya forodha ya kuruhusu mzigo. Oda ya kampuni ya meli ya kukabidhi mzigo ni kitu kingine tena. Hiyo inaonyesha tu kwamba wao hawakudai tena nauli wala ada zao.

Wakala akikutajia kiasi kimoja cha jumla, mwambie akichambue, kisha ukihakiki mwenyewe. Tuchukue mfano wa viwango vya kubuni, wewe utaweka vya nchi yako. Gari 8,000, nauli ya meli 1,850, bima 150. Nchi nyingi hutoza kodi juu ya jumla hiyo ya 10,000, wala si juu ya bei ya gari peke yake, na forodha wanaweza kutumia thamani yao wakiitilia shaka ankara yako. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 2,500. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unapigwa juu ya 12,500, unapata 1,250. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inapigwa juu ya 13,750, unapata 2,475. Jumla ni 6,225. Mtu anayejumlisha asilimia tu, 25 na 10 na 18, atapata 5,300 na kudhani anaibiwa. Na mtu aliyeombwa 7,500 "za kodi" bila mchanganuo ana haki ya kuuliza 1,275 zilizozidi ni za nini. Zinaweza kuwa gharama za bandari, hifadhi na ujira wa wakala, ambazo ni halali lakini hazipaswi kuonekana kwenye risiti ya ushuru. Jumla ya risiti ilingane na jumla ya makadirio, na namba ya tamko iwe ileile kwenye zote mbili.

Ndugu zangu, mnajua kukagua rangi na mkwaruzo kwenye picha za mnada usiku kucha, lakini tamko la kurasa mbili mnamwachia mtu mliyeelekezwa na shemeji. Dada zangu hasa, mkiulizwa mume yuko wapi, jibuni kwamba jina lililo kwenye tamko ni lenu, na kadi ya gari itatoka kwa jina hilo.

Kwa msomaji wetu, hivi ndivyo nilivyomwelekeza. Aombe kwanza barua ya kampuni ya meli inayokiri kosa na kutaja namba zote mbili, kwa sababu bila hiyo forodha hawana sababu ya kugusa tamko. Aambatanishe cheti cha kusafirisha gari, hati ya shehena, tamko, risiti, picha ya namba kwenye chuma, na nakala yake iliyokwanguliwa kwa penseli juu ya karatasi. Ombi la marekebisho liwasilishwe na wakala yuleyule aliyefungua tamko. Asikubali kufunguliwa tamko jipya, maana hapo atadaiwa kodi upya na ile ya kwanza ataanza kuiombea marejesho. Na asirudi ofisi ya usajili na karatasi zilizorekebishwa kwa kalamu. Asubiri mpaka 458 ionekane kwenye mfumo wa forodha, amwombe wakala amwonyeshe ukurasa huo, ndipo aende.