Maduara ya miji kwenye QGIS: pimeni kwa rula, na muanzie kwa wadogo

> "Nina idadi ya watu wa miji ya Kenya ya sensa ya 2019, nimeweka maduara kwa ile Assistant ya QGIS. Nairobi inameza majirani zake wote na miji midogo imekuwa nukta. Saizi nzuri inapatikanaje jamani?"

Ndugu yangu, hilo limenipata mwenyewe, na mimi sikuligundua, nilioneshwa. Nilikuwa nimechora ramani ya aina hiyohiyo kwa ofisi moja hivi, miji kumi na kitu, mkubwa Nairobi mdogo Malindi, nimeprinti, nimebandika ukutani, naiangalia naiona safi kabisa. Akaja mzee mmoja kwao ni Malindi, akasogea mpaka pua inakaribia karatasi, akaniuliza, "Mwanangu, Malindi imekuwa nukta tangu lini? Na hapo Thika mbona imekuwa bonge la duara?" Nikaanza kumweleza mambo ya sensa, halafu nikaona bora nichukue rula nimuoneshe. Rula ndiyo ikaniumbua: Thika kipenyo milimita 6 na kidogo, Malindi milimita 1.

Sasa angalia namba zenyewe. Thika ina watu 251,407, Malindi 119,859, yaani Thika ni kama Malindi mbili na pointi moja. Lakini duara lenye kipenyo mara sita ya mwenzake, eneo lake ni mara sita zidisha kwa sita, na ukipiga na zile desimali unapata kama 37. Ramani yangu ilikuwa inamwambia mtu Thika ni Malindi thelathini na saba! Na nilikuwa nimechagua `Surface`, ile njia inayotakiwa, sikuwa nimekosea hapo.

Kosa liko kwenye visanduku viwili ambavyo watu wengi tunavipita tu. Ukifungua `Assistant…` pale pembeni ya `Size`, kuna `Values from … to` na chini kuna `Size from … to`. Ukibonyeza kile kitufe cha kuvuta namba kutoka kwenye leya, inakuandikia ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwangu ikaandika 119859 na 4397073, na saizi mimi nikaweka kutoka 1 mpaka 30. Unadhani umeiambia QGIS ichore kwa uwiano, kumbe umeiambia ifanye hivi: chukua watu wa mji, toa watu wa Malindi, gawa kwa ile tofauti ya Nairobi na Malindi, tafuta kipeuo cha pili, halafu nyoosha kutoka milimita 1 mpaka 30. Ile kutoa Malindi kwanza ndiyo inayoharibu, kwa sababu kinachochorwa siyo watu wa Thika tena, ni wale ambao Thika imeizidi Malindi, halafu juu yake inaongezwa ile milimita 1 ambayo haina mtu ndani. Uwiano umekufa hapo.

Na ubaya wake ni kwamba huwezi kuliona ukiangalia miji mikubwa. Mombasa (1,208,333) kwenye ramani yangu mbovu ilikuwa na kipenyo cha milimita 15.6, na ukipiga hesabu ya haki inatakiwa 15.7, nani ataona hiyo? Mimi nilikuwa nimekagua Nairobi na Mombasa tu nikaridhika. Watu 119,859 ukiwatoa kwenye milioni moja na ushee hawaonekani, ila ukiwatoa kwenye Thika umeondoa karibu nusu ya mji. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ramani yako iko sawa usihangaike na juu, nenda chini kule, chukua mji mdogo kuliko wote na unaoufuata kwa mbali kidogo, uwapime hao.

Marekebisho yake ni sekunde tano: `Values from` andika 0, `Size from` andika 0, hizo za juu ziache kwa Nairobi, `Scale method` iwe `Surface`. Basi. Sifuri ya watu iende na sifuri ya duara. Usibonyeze tena kile kitufe cha kuvuta namba maana kitarudisha 119859 yako bila kukuuliza. Malindi ikatoka milimita 1 ikawa karibu 5, Thika 7.2, na ukigawa maeneo yao unapata ileile 2.1.

Wengine watakwambia tumia `Radius`, usifanye hivyo kwa idadi ya watu. Hapo kipenyo ndicho kinachofuata watu, wakati macho ya msomaji yanaangalia eneo. Nairobi ni kama mara 3.6 ya Mombasa, ila kwa njia hiyo duara lake linakuwa na eneo mara 13 ya la Mombasa. Hiyo nadhani ndiyo inayofanya watu waseme Nairobi haichoreki.

Haya, tuje kwenye saizi yenyewe sasa maana ndilo swali lako. Mimi siku hizi naanza chini napanda juu. Najiuliza duara dogo kabisa ambalo bado mtu ataliona kwenye karatasi ni lipi, na kwangu ni milimita 1 ya kipenyo, chini ya hapo linaonekana uchafu wa printa. Halafu naangalia mji mdogo ninaotaka kuuonesha. Tuseme unataka kushuka mpaka miji ya watu elfu kumi: ukiipa Nairobi kipenyo cha milimita 22, mji wa elfu kumi unapata milimita 1.05, umepona kwa nywele. Ukiipa Nairobi 15 huo mji unabaki na 0.7, hapo ama uukate kwenye ramani ama ukubali hautaonekana, usije ukaulazimisha kwa kuupa `Size from` ya 1 maana umerudi kulekule nilikokuwa mimi. Kwenye A4 mimi nimetulia kwenye 22 hiyo. Yunit iache kwenye `Millimeters`, ukiweka `Map Units` maduara yatakuwa yanakua kila ukizumu na hesabu yote ya rula inapotea.

Njia ninayoitumia kukagua ni kuweka kipenyo chenyewe kama lebo kwa muda, unaingia kwenye `Labels` unaandika hii (`watu` ni kolamu yangu, weka jina la yako):

```
round(22 * sqrt("watu" / 4397073), 1)
```

Kila mji unaonesha milimita zake pembeni, unaprinti, unapima kwa rula. Malindi inatakiwa isome 3.6, Thika 5.3, Mombasa 11.5. Hakikisha printa iko asilimia 100, siyo ile ya kubana ukurasa utoshee karatasi, maana nilishawahi kutafuta kosa kwenye leya saa nzima kumbe printa imepunguza ukurasa wote. Na kama lebo hazitokei kabisa, angalia kolamu yako, zile faili za sensa mara nyingi namba zimekuja na koma ndani yake na QGIS inazisoma kama maandishi, itabidi uzisafishe kwanza:

```
to_int(replace("watu", ',', ''))
```

Nairobi kumeza majirani, hilo usitegemee kulimaliza kwa saizi. Angalia: Kenya nzima kwenye A4 inakaa vizuri kwa skeli ya 1:5,000,000, milimita moja ni kilomita tano. Thika iko kama kilomita 40 kutoka katikati ya Nairobi, hiyo ni milimita 8 kwenye karatasi, wakati nusu kipenyo cha Nairobi ni 11. Thika yote iko ndani ya duara, na Ruiru na Kikuyu zilizo karibu zaidi ndiyo usiseme. Ukipunguza Nairobi mpaka Thika itoke nje, miji midogo ya kaskazini yote imekufa. Unachofanya ni kuwapandisha wadogo juu ya mkubwa: chini kabisa kwenye `Symbology`, fungua `Layer Rendering`, tiki `Control feature rendering order`, weka kolamu ya watu na uchague ianze kubwa kwenda ndogo. Anayechorwa kwanza ndiye anayekuwa chini, kwa hiyo Nairobi inalala chini na Thika inakaa juu yake. Rangi ya ndani ipunguze nguvu kidogo ili mito na mipaka ionekane, ukingo weka mweupe wa milimita 0.2 hivi, huo ukingo ndio unaotenganisha duara na duara, bila huo yanakuwa bonge moja.

Hata hivyo pale Nairobi patabaki pamebanana, mimi naongeza kiramani kidogo cha pembeni cha eneo hilo kwa 1:1,000,000. Ruiru iliyo kama kilomita 20 inakwenda milimita 20 kutoka katikati, inatoka nje ya duara la Nairobi bila shida. Muhimu: maduara kwenye hicho kiramani yabaki saizi ileile ya milimita, yaani Nairobi 22 huku na 22 kule, kwa sababu ufunguo ni mmoja kwa zote mbili.

Na ufunguo ndio sehemu ambayo watu wanaiacha ijitengeneze. Kwenye kitufe cha `Advanced` kuna `Data-defined Size Legend…`, chagua `Collapsed legend` maduara yakae moja ndani ya jingine, halafu weka namba zako mwenyewe. Mimi naweka 4,000,000, 1,000,000 na 250,000. Kila moja ni robo ya iliyotangulia kwa hiyo kipenyo kinakuwa nusu: milimita 21, 10.5, 5.2. Msomaji anaona nusu kwa macho yake, na wewe unapata sehemu nyingine ya kukagua, ukiona ufunguo haushuki kwa nusu nusu ujue zile sifuri mbili hazipo. Hii inataka saizi iwe imepitia `Assistant`, ndiyo maana sishauri uandike fomula moja kwa moja kwenye `Size` japo ramani ingetoka sawa.

Kuna mtu atakuja kukutajia `Flannery`. James Flannery alionesha kwamba watu wanayaona maduara makubwa madogo kuliko yalivyo, kwa hiyo njia yake inatumia kipeo cha 0.57 badala ya 0.5 ili tofauti iongezeke. Ni kazi ya kweli siipingi, lakini kwa Kenya ina gharama: Nairobi ikibaki 22, Malindi inashuka kutoka 3.6 mpaka 2.8, na ule mji wa elfu kumi unabaki chini ya milimita 0.7. Mji mkuu wetu umewaacha wengine mbali tayari, sioni sababu ya kuusukuma zaidi. Mimi nabaki na `Surface` na ufunguo mzuri.

Ukimaliza weka hapa picha yenye zile lebo za milimita, na uandike ni mji gani mdogo kuliko wote kwenye leya yako, nitakuangalizia.