Kwa nini sukari?

Wiki hii mwanafunzi kwenye wodi ya watoto alinitajia ORS, maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayehara, kama anayesoma dua: pakiti moja, maji lita moja, zinki siku 10 hadi 14. Nikamuuliza, sukari inafanya nini humo? Akatazama dari. Wanangu, dari ile haijawahi kumjibu mtu. Mimi nimeitazama kabla yenu. Basi mkisoma noti zenu, fanyeni hivi:

1. Pembeni mwa noti andika "kwa nini?" na "vipi?" kwa penseli, kisha jibu daftari likiwa limefungwa. Majina ya dawa yaache, hayo ni ya kukariri.

2. Jibu lako la kwanza usiliamini. Hapa ndipo nilipoumia.

Nikiwa mwaka wa pili, noti zangu zilisema: vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji. Nilijiuliza kwa nini sukari, nikajijibu: mtoto amelegea, apate nguvu. Nikaridhika. Mama mmoja aliyekuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani akaniuliza, "Musawo, mtoto anakataa kunywa. Nikizidisha sukari?" Nikamwambia, "Zidisha tu, mama, ndiyo nguvu yenyewe."

Kesho yake alirudi. Kuhara kumezidi, macho ya mtoto yamezama, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Sista hakunifokea. Tulipomaliza kumhudumia mtoto, alinikabidhi kijiko cha chai na kusema, "Haya, nieleze." Sikuwa na neno. Mtoto alipona, ila kijiko kile bado nakiona.

Ukweli ni kwamba ukuta wa utumbo mwembamba una mlango unaopitisha sodiamu na glukosi zikiwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Sumu ya kipindupindu haiharibu mlango huo. Ndiyo maana pakiti za siku hizi zina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita. Sukari ikizidi, ile inayobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini, na mtoto anahara zaidi.

Sasa lirudieni jibu langu. Kama sukari ingekuwa ya nguvu tu, kadiri inavyozidi ingekuwa bora, na vijiko 6 visingekuwa na maana. Noti zenyewe zilikuwa zinanikana, mimi sikuzisikiliza. Kwa hiyo ukishajibu, uliza tena: ikizidi je? Ikikosekana je? Jibu lisiloeleza kipimo lipelekeni kitabuni.

3. Nilitaka kuandika kuhusu kuulizana wawili wawili, lakini yule mwanafunzi kanikatiza. Jana kaja na swali lake: "Sista, mbona ORS haizuii kuhara, mama wanalalamika?" Nikamwambia jibu liko kwenye ule mlango. Akatazama dari tena, ila safari hii midomo ilikuwa inatembea.