Bei ya mbao za kutoka stoo

"Nina karakana ya samani hapa Keko, mbao zinapanda bei kila nikinunua. Nikizitoa stoo kwenda kwa mafundi niandike bei ipi?"

Ndugu, tuseme ulinunua mbao 60 kwa 10,000 kila moja, kisha 40 kwa 12,000 kila moja, na leo unatoa 50.

Kwa njia ya kwanza kuingia kwanza kutoka, mbao za zamani zinahesabiwa kutoka kwanza, hivyo zote 50 unaziandika kwa 10,000, yaani 500,000. Kwa mwisho kuingia kwanza kutoka, unaanza na zile 40 mpya na kuongeza 10 za zamani: 580,000. Kwa wastani, 1,080,000 gawa kwa mbao 100 ni 10,800, hivyo 540,000. Wengi hukosea hapa kwa kujumlisha bei mbili na kugawa kwa mbili. Wanapata 11,000, na thamani ya mzigo uliobaki stoo haitalingana na fedha iliyolipwa.

Njia ya kwanza itakuonyesha faida nono, lakini kuwa mwangalifu sana: kurudisha mbao hizo 50 kwa bei ya leo utatoa 600,000. Ukiitumia faida hiyo yote nyumbani, stoo inapungua taratibu bila wewe kuelewa kwa nini.

Njia ya mwisho kuingia iko karibu zaidi na bei ya soko, ila kiwango cha uhasibu IAS 2 hakiikubali kwenye hesabu za mwaka tangu marekebisho ya 2003. Mimi ningeshika wastani vitabuni, nikiupiga upya kila mzigo unapoingia, na mteja wa kabati nimpigie kila ubao kwa 12,000.