Herufi moja inagoma, jina zima linapita: gharama ya trai iko wapi?

Swali: Assalaam alaykum, kaka. Nipo Chake Chake, natengeneza programu ya kupokea mizigo ya boti kati ya Unguja na Pemba. Karani akianza kuandika jina la mteja au mahali, yatoke mapendekezo 8. Nimetumia trai, ule mti ambao kila hatua ya kuteremka ni herufi moja, kwa Paithoni, kila nodi ina orodha ya nafasi 26, na nafasi ya herufi naipata kwa `ord(h) - ord('a')`. Majina yapo 60,000 hivi, na 14,000 kati yake yanaanza na m. Nimesoma kwamba kutafuta ni O(L), L ikiwa idadi ya herufi. Mbona nikiandika "m" tu skrini inasimama kama sekunde nzima, na nikiandika jina lote linatoka papo hapo? Na kuingiza jina kunagharimu nini? Jambo jengine, "mk" kwenye kompyuta ya ofisi haileti Mkoani, lakini kwenye simu yangu inaleta. Majina ya wateja yameandikwa kwa herufi ndogo, ya mahali nimeanzia herufi kubwa. Nafasi kati ya maneno naziondoa, na majina yaliyoleta IndexError nimeyazungushia try yakapita.

Jibu: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Hiyo O(L) uliyosoma ni kweli, ila inajibu swali ambalo karani wako haulizi. Inajibu "je, jina hili limo?" Karani anauliza "nipe yote yanayoanza hivi", na hizo ni kazi mbili.

Chukua majina manne ya kwetu: mkoani, mkokotoni, mkunazini, mkanyageni. Jumla yana herufi 34. Ukiingiza mkoani kwenye trai tupu, zinazaliwa nodi 6. Ikija mkokotoni inateremka m, k, o zilizokwishakuwapo, kisha inajenga nodi 6 zake. Mkunazini inashirikiana na wenzake kwa m na k tu, inaongeza 7, na mkanyageni inaongeza 8. Unapata nodi 27 chini ya mzizi badala ya 34. (Tazama mwisho wake: yote manne yanaishia na "ni", na trai haioni hilo kabisa, kwa sababu inaunganisha vichwa tu. Lipo umbo jengine, DAWG, linalounganisha hata mikia. Kwa majina ya Unguja na Pemba lingeokoa kumbukumbu nyingi, lakini kuliongezea majina kila siku ni kazi nzito, kwa hiyo sikushauri.)

Kuuliza kama mkokotoni imo ni kuteremka hatua 9. Majina yawe manne au laki sita, hatua ni 9 zile zile, na ikiwa herufi ya tatu haipo unasimama hapo hapo. Kuingiza nako ni hatua 9, tofauti ni kwamba pasipo na nodi unaijenga. Idadi ya majina haimo katika hesabu hiyo hata mara moja. Inajitokeza kwenye kumbukumbu, na kwenye muda wa kuijenga trai nzima mara ya kwanza.

Sasa mtu akiandika "m". Kuifikia nodi ya m ni hatua moja tu. Lakini mapendekezo yako yapo chini ya nodi ile, nawe unateremka kila tawi, unayakusanya majina yote 14,000, unayapanga, halafu unakata 8 na kuyatupa 13,992. Ukiacha huko kupanga, gharama ya kweli ni O(P + S): P ni herufi alizoandika karani, S ni nodi zote zilizo chini ya pale alipofika. P inavyopungua ndivyo S inavyovimba, ndiyo maana herufi moja inakuumiza kuliko jina zima. Tena kila nodi unayopita unaikagua nafasi zote 26, na nyingi ni tupu. Tuseme chini ya m kuna nodi 90,000. Hapo ni ukaguzi 2,340,000 kwa bonyezo moja la kibodi.

Na kwetu hali ni mbaya zaidi kuliko kwenye mifano ya Kiingereza unayoisoma. Wao hukwambia usianze kutafuta mpaka zifike herufi tatu, kwa kuwa tatu zinachuja vya kutosha. Jaribu hapa. Karani anaandika m, w, a, n, a, herufi tano kamili, na bado wamesimama mbele yake akina Mwanaisha, Mwanakhamis, Mwanajuma na Mwanahawa wa visiwa viwili. Kusubiri herufi tatu hakutakuokoa.

Usidanganyike pia na njia ya mkato ya kusimama ukishapata 8 za mwanzo. Ni rahisi kweli, ila zitatoka kwa mpangilio wa alfabeti. Kila "m" italeta akina Maabadi na Mabrouk, na Mwanaisha anayepeleka mzigo kila wiki hataonekana mpaka jina lake likaribie kwisha. Karani ataacha kuyatazama mapendekezo siku ya pili.

Dawa ni kuifanya kazi hiyo mapema, wakati wa kuingiza. Kila nodi ibebe orodha fupi ya majina 8 yenye mizigo mingi zaidi kati ya yale yanayopita ndani yake:

```python
class Nodi:
    def __init__(self):
        self.watoto = {}
        self.mwisho = False
        self.bora = []

def ingiza(mzizi, jina, mara):
    n = mzizi
    for h in jina:
        if h not in n.watoto:
            n.watoto[h] = Nodi()
        n = n.watoto[h]
        n.bora = [x for x in n.bora if x[1] != jina]
        n.bora.append((mara, jina))
        n.bora.sort(reverse=True)
        del n.bora[8:]
    n.mwisho = True
```

`mara` ni idadi ya mizigo ya mteja huyo. Kutafuta sasa ni kuteremka P na kuisoma `bora` ya nodi uliyofikia. Hakuna kukusanya. Kuandika "m" ni hatua moja na majina 8 yako tayari mkononi. Umelipa wapi? Kwenye kuingiza: ilikuwa O(L), sasa ni O(L·k), k ikiwa 8. Kwa mkokotoni ni nodi 9, kila moja na kijiorodha cha majina 8 cha kupangwa, na hilo halifiki popote ukilinganisha na ule ukaguzi milioni mbili. Mteja mpya anaingizwa mara moja, lakini karani anabonyeza kibodi kutwa, kwa hiyo mzigo umewekwa mahali pake.

Mstari ule unaoliondoa jina kabla ya kulirudisha usiufute. Bila ya huo, ukimwingiza mteja tena baada ya mzigo wake wa pili, atatokea mara mbili kwenye mapendekezo, na mteja mmoja wa mizigo mingi anaweza kuzijaza nafasi zote 8 peke yake.

Njia hii ina mpaka wake. Hesabu ikipanda kila kitu kinakwenda sawa. Ikishuka, au ukimfuta mteja, nodi imeshamsahau yule wa tisa, haina wa kumpandisha. Usihangaike kutengeneza ufutaji wa kijanja. Ijenge trai upya usiku, boti zikiwa zimelala. Majina 60,000 ya herufi 12 kila moja ni hatua 720,000 za nodi, kazi ya sekunde chache. Kumbukumbu nayo iangalie: nodi moja ya Paithoni yenye kamusi na orodha ndani yake inakula mamia ya baiti, na ukiwa na nodi laki tatu au nne utapita megabaiti 100. Kwa seva si neno. Kwa simu ya bei nafuu ni neno.

Kama ungekuwa na majina ya mahali peke yake, mia chache, ningekwambia uitupe trai. Orodha ya kawaida uipitie yote kila bonyezo, hakuna atakayehisi.

Tuje kwenye Mkoani. Mkoani imo ndani ya trai yako, ila imeingia mlango usio wake. Herufi kubwa M ina namba 77 na a ndogo ina 97, kwa hiyo hesabu yako inatoa -20. Paithoni haikatai namba hasi, inahesabu kutoka nyuma. Nafasi ya -20 kwenye orodha ya 26 ni ya 6, na nafasi ya 6 ni ya g. Mkoani inakaa chini ya g. Wete iko chini ya q. Simu yako inageuza herufi ya kwanza kuwa kubwa yenyewe, kwa hiyo "Mk" inapotea njia ile ile na kukutana na Mkoani huko huko. Kompyuta ya ofisi inaandika "mk" ndogo, inakwenda kwenye m, haikuti Mkoani.

Ukitaka kuhakikisha, andika "qe" kwenye ile programu ya zamani. Wete itatoka.

Herufi kubwa kuanzia A mpaka F zinazidi -26, na hizo ndizo zilizokuletea IndexError. Kwa try uliyoweka, Chake Chake, mji unaoishi, haumo kwenye programu yako. Ng'ambo nayo haimo, kwa sababu ya alama ya king'ong'o ambayo haina nafasi kati ya zile 26. Iondoe try kabisa. Kamusi ya `watoto` hapo juu inapokea alama yoyote, lakini kila kinachoingia na kila kinachotafutwa kipite kwanza hapa:

```python
def safisha(s):
    s = s.lower().replace("’", "'").replace("‘", "'")
    return "".join(s.split())
```

Zile alama zilizopinda ziko humo kwa sababu baadhi ya simu huandika Ng’ambo kwa alama iliyopinda, na kibodi ya ofisi huandika Ng'ambo kwa iliyonyooka. Kwa macho ni mtaa mmoja, kwa trai ni mitaa miwili. Jina zuri la kumwonyesha karani, lenye herufi kubwa na nafasi zake, liweke pembeni kwenye jedwali, na trai ibebe lile lililosafishwa tu.