Shoti 40, na kila moja ina maneno

SWALI: Nimeandika skripti ya vlogi ya siku moja katika mji mdogo. Ina shoti 40, kila moja na maneno kama 35 ya kusema. Nataka video ya dakika 8, lakini nikiisoma kwa sauti inapita. Nipunguze shoti au niongee haraka?

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo. Una maneno 1,400. Ukiongea kwa utulivu, takriban maneno mawili kwa sekunde, hizo ni sekunde 700, karibu dakika 12, na hapo hujavuta pumzi wala mji haujasikika hata kidogo. Kosa ni kuipa kila shoti maneno. Nusu na zaidi ya shoti zako zinapaswa kuwa kimya.

Chukua kufika kwako. Wengi huandika: “Sasa nashuka kwenye basi, kama mnavyoona kituo ni kidogo.” Kama tunaona, unatuambia ya nini? Mimi ningeandika hivi:

Shoti ya 1: kituo kizima kwa mbali, kamera imetulia, mlango wa basi unafunguka. Sekunde 4. Sauti ya mahali tu.
Shoti ya 2: miguu inashuka, karibu. Sekunde 2. Kimya.
Shoti ya 3: uso wako, basi linaondoka nyuma. Sekunde 8. “Sasa ni saa mbili asubuhi. Basi la mwisho la kurudi linaondoka saa kumi na moja jioni.”

Maneno 16, na mtazamaji ameshajua una saa tisa. Kuanzia hapo kila ukichelewa atahangaika nawe. Saa ya basi ni jambo ambalo picha haikuweza kulisema. Ndiyo maana imepewa mdomo. Kila shoti irekodi angalau sekunde 10 hata kama utatumia 2, maana mwanzo na mwisho wake hutikisika. Na kabla ya kuondoka mahali popote, rekodi sauti ya hapo sekunde 30 bila kusema kitu. Bila hiyo, ukikata kati ya sentensi mbili, sauti inakatika ghafla na kila mtu anasikia.

Sasa hawa wanaouza skripti za kujaza jina la mji! “Watu wa hapa ni wakarimu sana” imeandikwa kabla hujasalimiana na mtu. Nimeona hata mwenyeji akiombwa arudie kicheko chake ili kilingane na karatasi. Kwa shoti za kukutana na watu, andika swali utakalouliza na uache jibu wazi. Sokoni andika mbadala: soko likiwa limefungwa, nani atakueleza kwa nini? Na ukiweza kufuta jina la mji kwenye sentensi ukaweka la mji mwingine bila kitu kuharibika, ifute sentensi nzima.