Wekundu wa mwezi si vumbi la Dodoma
"Wakuu, ule mwezi wa Septemba 2025 uliokuwa kama shaba hapa Dodoma, si vumbi letu la kiangazi tu?"

Hapana, mkuu. Vumbi hukoleza mwezi ukiwa chini, karibu na upeo. Ukipanda, rangi hupungua. Usiku ule wa tarehe 7, saa 2:30 hadi 3:52, ulikuwa umeshapanda na bado mwekundu.

Mwezi ulikuwa umepatwa: dunia ilikuwa imelikinga jua. Mwanga uliofika mwezini ulipita pembeni, ndani ya angahewa, ambako bluu hutawanywa na nyekundu hupenya ikipindwa kuingia kivulini. Ni machweo na mawio yote ya dunia kwa mpigo!

Shaba ikiwa angavu, anga la juu ni safi. Volkano ya Pinatubo ilipolipuka 1991, ukungu wa salfa ulibaki huko juu, na mwezi uliopatwa Desemba 1992 ulififia karibu kupotea.