Bei ya kiti Jumatano si bei ya kiti Ijumaa

Ofisi yangu ya pamoja, ambamo watu wanalipia kiti na intaneti wafanye kazi zao, ina viti 16, ghorofani Mji Mkongwe, si mbali na Darajani. Nilipoanza, bei nilizipanga kwa kukisia tu: shilingi 2,000 kwa saa, 12,000 kwa siku, 120,000 kwa mwezi. Jumatano nilikuwa nawarudisha watu mlangoni kwa kukosa nafasi, na bado mwisho wa mwezi nikitoa za mfukoni kumalizia kodi.

Kilichonifumbua macho ni daftari. Kwa wiki nne nilihesabu vichwa mara mbili kwa siku, saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, nikaandika kila mmoja kalipia nini. Kama utafanya hivyo, usihesabu mwezi wa Ramadhani, maana mahudhurio yake hayafanani na ya mwezi mwingine wowote. Mimi wastani wangu ulikuja hivi: Jumatatu watu 7, Jumanne 15, Jumatano 16, Alhamisi 14, Ijumaa 5, Jumamosi 3. Jumla 60 kwa wiki, kati ya nafasi 96.

Sasa gharama. Kodi, intaneti, umeme wa Tukuza, mshahara wa kijana wa mapokezi na chai vilikuwa vinanila 2,600,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Nilikuwa nagawa kwa viti vyote 416 vya mwezi, napata 6,250 kwa kiti, najiona nina faida. Kumbe viti vinavyokaliwa ni 260 tu. Gawa tena: kila kiti kinachokaliwa kinanigharimu 10,000.

Wenye kadi ya mwezi walikuwa 10, na kila mmoja akija kama siku 15. Yaani 120,000 gawa kwa 15, wananilipa 8,000 kwa siku, chini ya gharama. Na wakija, wanakuja zaidi Jumanne hadi Alhamisi, siku zile zile ambazo mgeni anayefanyia kazi safarini angenilipa 12,000 taslimu. Kadi ile haikuwa rahisi tu, ilikuwa inauza siku zangu ghali kwa bei ya siku zangu tupu.

Kwa hiyo bei ya mwezi usiigawe kwa siku 26. Igawe kwa siku ambazo watu wanakuja kweli, halafu tazama kama jibu linapita gharama ya kiti kilichokaliwa. Nikapandisha kadi kamili hadi 200,000, sawa na kama 13,300 kwa siku, nikawapa wanachama taarifa ya mwezi mzima. Pembeni nikatoa kadi ya siku tulivu: Jumatatu, Ijumaa na Jumamosi tu, kwa 90,000. Siku yenyewe ikawa 15,000 Jumanne hadi Alhamisi, na 10,000 siku tulivu.

Mtu ataniuliza, hiyo 90,000 kwa siku 13 si chini ya gharama? Ni chini, na sijali. Ijumaa kodi imeshalipwa, kijana yupo, intaneti inawaka. Mtu mmoja zaidi ananiongezea vikombe vya chai na umeme kidogo. Hesabu ya 10,000 ni ya ofisi nzima kwa mwezi, haimfai mtu anayekalia kiti ambacho kingebaki tupu. Lakini kadi hiyo ikiruhusiwa kuingia Jumatano umejirudisha ulikotoka. Akija siku hiyo, analipa siku kamili.

Bei ya saa ndiyo iliyoniletea ugomvi. Niliiweka 3,000, na mtu akitimiza saa tano za kukaa mita inasimama kwenye 15,000; siku tulivu inasimama kwenye 10,000. Bila kikomo hicho mtu anaondoka anahisi ameibiwa. Vocha ya intaneti inajifunga muda ukiisha, hivyo simfuati mtu mezani na saa mkononi. Ila Ijumaa moja kijana aliyenunua saa mbili alikwenda sala, akarudi akakuta vocha imekufa.

"Dada, na sala nailipia?"

Nilinyamaza, sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana hatuhesabu, na watu wawili watatu sasa wanarudi baada ya sala badala ya kupotelea majumbani.

Wanachama wawili waliondoka kwa hasira, watatu wakahamia kadi ya siku tulivu, wakaongezeka wawili wapya. Mwezi wa tatu wa bei mpya niliingiza 2,900,000, na jumla ya waliokaa ilikuwa ndogo kuliko zamani. Jumamosi bado imenishinda. Bei hata ikishuka, hawazidi wanne. Sasa nafunga saa saba mchana.